Kutaka na Kutilia Shaka: Kufasiri Subjunktifu ya Kifaransa kwa Kiswahili

(Hotuba kwa wafasiri na wakalimani chipukizi, Kigoma)

Wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu ameshajikwaa nalo. Hapa Kigoma Kifaransa hakitoki mbali. Kinavuka ziwa. Kinakuja na mfanyabiashara wa Uvira, na mama wa Bujumbura anayemleta mgonjwa, na dereva wa Kalemie mwenye makaratasi yake ya forodha. Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, makaratasi hayo yameongezeka, na sisi tulio katikati ya lugha hizi mbili hatupumziki.

Nitaanza na kisa kilichonipata. Nilikuwa kijana, nakalimani kati ya wakala wa meli na mama mmoja mwenye magunia ya dagaa. Wakala akasema: *Le bateau partira sans doute jeudi.* Nikasikia *sans*, nikajua ni "bila". Nikasikia *doute*, nikajua ni "shaka". Nikamwambia mama: "Meli itaondoka Alhamisi bila shaka." Mama akaleta magunia yake bandarini Jumatano jioni, akalala juu yake. Alhamisi meli haikuondoka, wala Ijumaa. Aliponirudia hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yule bwana alisema bila shaka?" Nikamjibu ndiyo, na nilikuwa namwambia uongo bila kujua. *Sans doute* kwa Mfaransa wa leo ni "nadhani", ni "yaelekea". Akitaka kusema bila shaka kweli, husema *sans aucun doute*. Wakala alikuwa amejiachia nafasi, mimi nikaifunga.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia kwa makini sana mahali ambapo Mfaransa anataka jambo, au analitilia shaka. Na mahali hapo ndipo inapokaa ile hali ya kitenzi wanayoiita *subjonctif*. Sisi tuiite subjunktifu, twende.

Mnakumbuka tulivyofundishwa. Mwalimu alisimama ubaoni akasema: ukiona *je veux que*, tia subjunktifu. Ukiona *je doute que*, tia subjunktifu. Ukiona *il se peut que*, tia subjunktifu. Kisha akasema, na hapa ndipo mzigo ulipofungwa vibaya: "Subjunktifu ya Kifaransa ni sawasawa na kitenzi cha Kiswahili kinachoishia na -e." *Que tu viennes*, uje. *Qu'il parte*, aondoke. Tukaandika kwenye madaftari, tukafurahi.

Mwalimu alikuwa amesema kweli nusu. Kwa Mfaransa, kutaka na kutilia shaka huingia kwa mlango mmoja, kwa sababu yeye anachotazama ni kwamba jambo lenyewe halijasemwa kuwa limetokea. Lipo moyoni au kichwani mwa msemaji. Mswahili hatazami hivyo. Kwetu -e ni ya kitu kinachoelekezwa: natuma, naomba, nabariki, nakataza, napanga. Shaka haielekezi kitu popote. Mtu mwenye shaka hamsukumi mtu aje wala asije. Ndiyo maana ukisema "nataka aje" umesema Kiswahili, na ukisema "nina shaka aje" umesema kitu ambacho hata mtoto wa darasa la kwanza atakikunjia uso.

Tuanze na upande wa kutaka, maana huko njia ni nyeupe.

*Je veux que tu viennes*: nataka uje. *Il faut qu'il parte*: lazima aondoke. *Dis-lui qu'il attende*: mwambie asubiri. Hata ile kanuni kwamba mtakaji na mtendaji wakiwa mtu mmoja Kifaransa kinarudi kwenye kitenzi-jina, *je veux venir*, sisi tunayo ileile: nataka kuja. Hapa lugha zetu ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali.

Kinachoharibu ni kile kineno *que*. Vijana wengi mnakiona mnaandika "kwamba". Wakati wa kutaka, kitupeni. Sikilizeni Sala ya Bwana kwa Kifaransa: *que ton nom soit sanctifié, que ton règne vienne, que ta volonté soit faite.* *Que* tatu mfululizo. Sasa sikilizeni Wakatoliki wetu wanavyosali: jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, utakalo lifanyike. Hakuna "kwamba" hata moja. Ile -e ya mwisho imeshafanya kazi yote. Waliofasiri maneno yale walikuwa na masikio. Basi mkikutana na *Que Dieu vous bénisse*, ni "Mungu awabariki". *Qu'il entre!* ni "Aingie!" *Que personne ne sorte!* ni "Asitoke mtu!", na angalieni jinsi kitenzi kilivyotangulia, Mswahili anayeamrisha mlangoni husema hivyo, hasemi "mtu yeyote asitoke nje" kama anasoma tangazo.

Kuna adabu pia. *Je voudrais que vous signiez ici*, anasema karani kwa upole. Ukimwambia mzee wa miaka sabini "ningetaka usaini hapa", maneno ni sahihi na heshima imepotea. Ule upole wa *voudrais* kwetu unabebwa na "naomba": Mzee, naomba uweke sahihi hapa. Au "tafadhali mzee wangu, utie sahihi hapa". Ufasiri wa upole ni ufasiri pia.

Lakini hata upande huu wa kutaka kuna shimo moja. Mfaransa husema *je souhaite que tu sois là*, natamani uwepo, na jambo bado linawezekana. Kisha husema *j'aurais voulu que tu sois là*, na jambo limeshapita, harusi imekwisha, watu wametawanyika. Kitenzi cha mwisho, *sois*, hakikubadilika hata kidogo. Mtu asiyeangalia ataandika "ningependa uwepo", na msomaji atadhani harusi ni wiki ijayo. Kwetu tamanio lililokwisha kupitwa na wakati halikai kwenye -e. Linahamia -nge- au -ngeli-: "Natamani ungekuwepo." "Laiti ungelikuwepo." Basi kabla hamjatia -e, tazameni kitenzi cha kwanza: kama ni *aurais voulu*, *aurais aimé*, *aurais préféré*, mlango umeshafungwa, na Kiswahili kinataka kilio cha "laiti".

*Espérer* nitalipita haraka. *J'espère qu'il viendra*: Mfaransa hatii subjunktifu, nasi hatutii -e. Natumaini atakuja. Anayesema *j'espère qu'il vienne* mara nyingi ni mgeni wa Kifaransa, na anayesema "natumaini aje" ni mgeni wa Kiswahili.

Sasa tuje kwenye shaka, ambako nitakaa zaidi.

Mfaransa akisema *je pense qu'il viendra*, hana subjunktifu: nadhani atakuja. Akikanusha, *je ne pense pas qu'il vienne*, subjunktifu inaingia. Sisi je, kinachobadilika ni nini? Semeni polepole mjisikilize: Nadhani atakuja. Sidhani kama atakuja. Kitenzi "atakuja" hakikuguswa. Kilichoingia ni "kama". Shaka ya Mfaransa inakaa mwishoni mwa kitenzi. Shaka ya Mswahili inakaa katika hicho kineno "kama", kama mlinzi aliyeketi getini, na kitenzi kinabaki ndani na mavazi yake ya kila siku.

*Je doute qu'il vienne*: sidhani kama atakuja, nina shaka kama atakuja, sina hakika kama atakuja. Ninaipenda ya kwanza kuliko zote, kwa sababu mtu wa kawaida akitilia shaka jambo hasemi "nina shaka". Hayo ni maneno ya mahakamani na ya magazeti. Sokoni na nyumbani husema "sidhani". Wapo wanaoandika "sidhani kwamba atakuja", na sitawasahihisha, ila sikio langu linaisikia ngumu zaidi, kama mtu aliyeshakata shauri. "Kama" inaacha mlango wazi kidogo, na *je doute* nayo inauacha wazi.

Kuna ndugu mmoja wa *douter* anayefanana naye kwa sura tu: *se douter*. *Je doute qu'il vienne*, sidhani kama atakuja. *Je me doute qu'il viendra*, nahisi atakuja, najua tu atakuja. Kineno *me* kimegeuza maana nzima. Ishara ya kukuokoa ni kitenzi cha pili: ukiona *viendra* badala ya *vienne*, simama, urudi nyuma, utafute *me*. Mfaransa amekuwekea alama barabarani.

Na hapa pana kazi ambayo Kifaransa hakiifanyi, sisi lazima tuifanye. Subjunktifu yao haina wakati ujao. *Je doute qu'il comprenne*, amesema mwalimu juu ya mwanafunzi. Anaelewa sasa, au ataelewa kesho nikimfundisha? Kifaransa kinanyamaza. Kiswahili hakikuruhusu kunyamaza. "Sidhani kama anaelewa" na "sidhani kama ataelewa" ni hukumu mbili tofauti juu ya mtoto. Njia ni kutafuta neno la wakati lililo karibu. Kama pana *maintenant*, au mwalimu anamtazama mtoto ubaoni, ni "anaelewa". Kama amesema *même si je lui explique*, hata nikimweleza, ni "ataelewa". Na ikiwa ni *qu'il ait compris*, hakuna mjadala: sidhani kama ameelewa. Kama mnakalimani na msemaji yupo mbele yenu, muulizeni. Mkalimani anayeuliza hajapungukiwa na kitu.

Shaka ikiwa ya zamani, *je ne pensais pas qu'il vienne*, wafasiri wengi huteleza. "Sikudhani kama atakuja" inasikika, watu huisema. Lakini Kiswahili kilichotulia ni "sikudhani kama angekuja". Linganisheni na upande wa kutaka: *je voulais qu'il vienne*, nilitaka aje. Huko -e haijali kama kutaka kulikuwa jana au leo. Kutaka hakuzeeki, shaka huzeeka. Zamani Wafaransa nao walikuwa na umbo la pekee kwa ajili ya hilo, *je voulais qu'il vînt*. Siku hizi mtalikuta kwenye vitabu, siyo midomoni mwa watu.

Kati ya kutaka na kutilia shaka kuna uwanja wa tatu, na mimi naupenda kuliko yote mawili. Ni uwanja wa "huenda".

*Il se peut qu'il vienne.* Wengi huandika: "Inawezekana kwamba aje." Kila neno limechukuliwa kwenye kamusi, na hakuna Mswahili aliyewahi kusema hivyo akiwa na afya yake. Tunasema "huenda akaja". Hiyo -ka-, ambayo siku zote tumezoea kuiona kwenye hadithi, akaenda, akakuta, akarudi, hapa inasimulia kitu ambacho bado hakijatokea. Ni kama msemaji amefumba macho, akaiona kesho, akaisimulia. "Inawezekana akaja." "Anaweza akaja." Kwa jambo linaloweza kutokea mbele, -ka- ndiyo yenyewe. Kwa jambo ambalo pengine limeshatokea, tunatumia wakati wake wa kawaida: *il se peut qu'il soit arrivé*, huenda ameshafika, *il se peut qu'il soit malade*, huenda anaumwa. Kama mkiona mkono wenu unaandika "awe anaumwa", uzuieni.

Na katika uwanja huohuo kuna hofu. Mfaransa akiogopa, hutia kineno *ne* ambacho hakikanushi chochote: *je crains qu'il ne tombe.* Maana yake ni kwamba naogopa ataanguka. Akitaka kukanusha kweli ataongeza *pas*: *je crains qu'il ne vienne pas*, naogopa hatakuja. Wanafunzi hulalamika: mbona Wafaransa wanatia kikanushi kisichokanusha? Mimi huwauliza: na ninyi mbona mnacho? Mama anamtazama mtoto juu ya mwembe, anasema nini? "Naogopa asije akaanguka." Hiyo "asije" si ni kikanushi? Na je, mama anaogopa kwamba mtoto hataanguka?

Fungueni sentensi hiyo mwone ilivyojengwa. "Asije" ni -e ya kutaka, iliyokanushwa: mama anataka jambo lisifike. "Akaanguka" ni ile -ka- ya "huenda": mama ameshaliona likitokea. Moyo wake unasukuma huku, macho yake yanaona kule, na Kiswahili kimeweka yote mawili katika maneno mawili. Mfaransa kwa *ne* yake amenong'ona jambo lilelile. Na siyo kwenye hofu tu. *Avant qu'il ne parte*, anasema, kabla hajaondoka, tunasema sisi. Hapo pia wote wawili tumetia kikanushi pasipo kukanusha. Ninyi mnaofasiri, msiogope *ne* hii.

Nimewaandalia barua fupi tuifanyie kazi pamoja. Nimeitunga mwenyewe, ila barua za namna hii nimezisoma nyingi. Mfanyabiashara yuko Bujumbura, anamwandikia dada yake hapa Kigoma:

*Je doute que la marchandise soit arrivée à Kalemie. Il se peut que le bateau soit tombé en panne. Je crains que le poisson ne pourrisse. Je voudrais que tu passes au port avant que le bureau ne ferme. Pourvu que le reçu ne soit pas perdu !*

Sentensi tano, subjunktifu sita. Hii hapa tafsiri ya mtu aliyeshika kanuni ya ubaoni: "Nina shaka kwamba bidhaa iwe imefika Kalemie. Inawezekana kwamba meli iwe imeharibika. Naogopa kwamba samaki wasioze. Ningetaka kwamba upite bandarini kabla kwamba ofisi isifungwe. Ilimradi risiti haijapotea." Isomeni mara mbili. Sentensi ya tatu inasema mwenye mali anaogopa samaki wake watabaki wazima. Dada akiisoma atajiuliza kaka kapatwa na nini.

Tuifanye upya. *Je doute*: "Sidhani kama mzigo umefika Kalemie." Nimesema mzigo, si bidhaa, kwa sababu mtu mwenye mali njiani husema mzigo. *Soit arrivée* imekwisha, basi "umefika". Sentensi ya pili ni ya jambo ambalo pengine limeshatokea: "Huenda meli imeharibika njiani." Ya tatu, hofu: "Naogopa samaki wasije wakaoza."

Ya nne ina vitu viwili. *Je voudrais que tu passes* ni kaka na dada, "naomba" inatosha, na -e inakaa mahali pake: "Naomba upitie bandarini." Kisha *avant que le bureau ne ferme*: "kabla ofisi haijafungwa." Kikanushi chao kwa kikanushi chetu.

Ya tano ndiyo iliyonisumbua zaidi nilipoanza kazi hii. *Pourvu que* ina nyuso mbili. Ikikaa katikati ya sentensi ni sharti: *tu peux sortir, pourvu que tu rentres tôt*, unaweza kutoka, mradi urudi mapema. Lakini ikisimama peke yake mwanzoni, na alama ya mshangao ikiwa mwishoni, si sharti tena. Ni dua. Mtu ameinua mikono. "Ilimradi" haiinui mikono. Kwa Kiswahili dua huanza na Mungu, kisha -e. Na kwa kuwa risiti kama imepotea imeshapotea, -e inabidi ishike mkono wa -me-. Nimesoma barua hii kwa sauti mara kadhaa, na kila mara inanijia hivi: "Eee Mungu, risiti isiwe imepotea!"

Dada akiisoma hiyo, atavaa viatu aende bandarini.